Baba ameleta majina 60 mapya, na mhazini ni mimi

Shikamoo mshauri,

Mdogo wangu wa kike anaolewa baada ya wiki 10, na familia imenikabidhi uhazini. Ili nisianike fedha za nyumbani, nitazitaja kwa mafungu: bajeti nzima ni mafungu 100. Chakula, vinywaji, meza na viti, yaani kila kinacholipiwa kwa kichwa, ni 60 kwa wageni 300. Ukumbi, mavazi, muziki, picha na usafiri ni 30. Zile 10 zilizobaki nimeziandika kuwa akiba ya dharura.

Fedha zote zinatokana na ahadi za ndugu na marafiki. Ahadi zimefika 100, ila zilizoingia ni 55. Nimeshalipa 32: mpishi 12, na 20 kwa ukumbi na mambo mengine. Mkononi nina 23. Mpishi anadai 24 wiki nne kabla ya siku yenyewe, na 24 za mwisho wiki moja kabla. Zile 10 zilizobaki za mavazi, muziki na usafiri ni za wiki mbili kabla.

Katika hao 300, watu 180 wanaishi karibu, 80 watasafiri saa kadhaa, na 40 wako mbali sana. Juzi baba ameleta majina 60 mapya: 15 ni ndugu tuliowasahau, 45 ni watu aliofanya nao kazi zamani. Nilipomwambia hao ni mafungu 12, akajibu, "Si una akiba ya 10? Mbili nitatafuta mimi." Mdogo wangu hataki hata kusikia; anasema ukumbi utafurika. Mwenye ukumbi naye anasema watu 400 wanaingia (una mita 25 kwa 18), kwa hiyo hoja hiyo imenishinda. Kadi hazijatoka.

Nikimkatalia baba, nitaonekana nimemvunjia heshima. Nikikubali, mdogo wangu ataona nimemsaliti. Je, nitoe akiba?

Mhazini niliyebanwa

*

Marahaba, mwanangu. Umeandika kama mhazini wa kweli, maana umetaja tarehe za malipo pamoja na kiasi chake, na wengi hutaja kiasi tu. Hizo tarehe ndizo zitakazotusaidia leo. Kabla ya kuzungumzia baba na mdogo wako, naomba tuzipitie hesabu zako taratibu, kwa sababu naona kuna mambo matatu ambayo nyote watatu mmeyachukulia kuwa kweli bila kuyapima.

La kwanza ni hiyo akiba yenyewe. Baba anaitaka, mdogo wako anailinda, nawe umekaa katikati umeishika. Lakini iko wapi? Mkononi una 23. Madeni yaliyobaki, hata bila mgeni mmoja mpya, ni 48 za mpishi na 10 za mengineyo, jumla 58. Kwa hiyo unahitaji 35 nyingine ili kulipa tu kile ulichokwisha kuagiza. Ahadi ambazo hazijaingia ni 45. Toa 35, zinabaki 10. Hiyo ndiyo akiba yako, mwanangu: ni zile 10 za mwisho katika ahadi za watu, zile ambazo zikija zitakuja mwisho kabisa. Mnagombea fedha ambazo bado zimo mifukoni mwa wenyewe.

Sasa zipange kwa tarehe. Wiki ya nne kabla ya harusi mpishi anataka 24 na wewe una 23, kwa hiyo hata malipo hayo yanangoja ahadi. Wiki ya pili zinatoka 10, wiki ya mwisho 24. Maana yake, kufikia wiki ya pili ahadi ziwe zimeleta angalau 11, na kufikia wiki ya mwisho angalau 35. Sehemu kubwa ya fedha zako inadaiwa ndani ya siku 14 za mwisho, siku zilezile ambazo waahidi wanapigiwa simu na kusema "nitakuja nayo siku yenyewe". Fedha inayokuja siku yenyewe haimlipi mpishi anayenunua vitu siku tatu kabla.

Tuseme katika zile 45 zimeingia 36 tu, yaani wanne kati ya kila watano wametimiza. Ukiwa na wageni 300 utalipa kila kitu na akiba yako itakuwa fungu 1. Ukiongeza 12 za majina ya baba utapungukiwa na 11. Na hata wote wakitimiza mpaka senti ya mwisho, 45 hazitoshi kulipa 47. Ndiyo maana baba alisema mbili atatafuta mwenyewe. Hesabu yake ni sahihi kwenye karatasi. Inasimama tu pale ambapo hakuna hata mmoja atakayekwama na hakuna hata kitu kimoja kitakachoharibika.

Mpaka hapo huenda unadhani nimeegemea upande wa mdogo wako. Subiri, kwa sababu jambo la pili linamsaidia baba.

Umehesabu majina 60 kuwa ni sahani 60. Mgeni aliyealikwa na mgeni anayefika ni vitu viwili tofauti, na pengo kati yao linakua kadiri safari inavyokuwa ndefu na uhusiano unavyokuwa wa mbali. Wapanga shughuli wazoefu hawajumlishi orodha moja kwa moja. Huigawa kwa makundi na kila kundi hupewa kadirio lake. Tujaribu kwa orodha yako. Wale 180 wa karibu tuwakadirie 95 kwa mia: 171. Wale 80 wa safari ya saa kadhaa, 75 kwa mia: 60. Wale 40 wa mbali sana, nusu: 20. Jumla ni 251, si 300. Katika wapya wa baba, ndugu 15 kwa 95 ni 14, na wale 45 wa kazini kwa 60 kwa mia ni 27, jumla 41. Orodha ya watu 360 inatupa wageni 292.

Viwango hivyo nimevikisia ili uone njia inavyokwenda. Wewe unawajua watu wako, weka vya kwako, kisha uvifute kabisa majibu ya kweli yakianza kuingia. Na kuna kinachovuta upande wa pili: anayekuja na mtoto au rafiki ambaye hakuandikwa. Ukiongeza 5 kwa mia kwa ajili ya hao, 292 inakuwa kama 307.

Hapa ndipo nakuomba ukasome mkataba wa mpishi kabla ya kuzungumza na mtu yeyote. Tafuta mambo mawili. Moja, idadi ya chini uliyomhakikishia. Wapishi wengi huruhusu idadi ipande lakini hawaruhusu ishuke chini ya kiwango fulani, kwa sababu wameshapanga watu na vyombo. Pili, siku ya mwisho ya kumpa idadi kamili, ambayo mara nyingi huwa kati ya siku 7 na 14 kabla ya shughuli. Kama ulimhakikishia 300 na watakaofika ni 251, umeshanunua sahani 49 ambazo hazitakuwa na mlaji, na wageni wa baba wanaweza kukaa kwenye sahani hizohizo karibu bila gharama mpya. Kama mkataba unakuruhusu kushuka mpaka 250, basi kutomwongeza mtu kunakurudishia karibu mafungu 10, kwa kuwa kila kichwa kwako ni fungu 0.2. Hayo ni mazungumzo mawili tofauti kabisa, na karatasi hiyo ndiyo itakayoamua mtakuwa katika lipi.

Jambo la tatu ni ukumbi. Mwenye ukumbi anaposema watu 400 huenda hasemi uongo, ila mara nyingi idadi hiyo ni ya viti vilivyopangwa safu kwa safu kama mkutano, bila meza. Muulize, "Ni 400 wa kukaa vipi?" Kisha pima mwenyewe. Meza ya duara yenye kipenyo cha mita 1.8 hukalisha watu 10 bila kubanana. Kati ya meza na meza panahitajika kama mita 1.5, ili viti vya pande zote mbili vivutwe nyuma na mhudumu apite na sinia. Kwa hiyo kila meza inakula mraba wa mita 3.3 kwa 3.3, karibu mita za mraba 11. Ukumbi wako ni mita za mraba 450. Ukitoa 40 za jukwaa, 40 za kuchezea na 25 za meza za chakula, zinabaki 345. Hapo zinakaa meza 31, watu 310.

Na si kila kiti kitajaa. Familia ya watu 8 ikikaa meza ya watu 10, viti viwili hubaki wazi na watu huona haya kwenda kukaa na wasiowajua. Kwa wageni 292 ukumbi unatosha kwa shida. Kwa 307 umefika ukingoni. Wakifika 330 kutakuwa na meza mbele ya milango, na hapo si suala la uzuri tena, ni la usalama. Kwa hiyo mdogo wako hajakosea kuhofia ukumbi, wala baba hajakosea kuona kuna nafasi. Wanazungumzia idadi tofauti bila kujua: mmoja anahesabu kadi, mwingine anahesabu viti.

Sasa turudi kwenye neno "dharura", kwa sababu nadhani ndipo penye mvutano wenyewe. Baba anaona fedha iliyokaa bila kazi. Akiba isiyo na kazi iliyoandikwa huonekana hivyo kwa kila mtu, na italiwa, kama si na majina 60 basi na maua au na taa. Jaribu kuipa kazi. Kwa mfano: mafungu 4 kwa hema, kama sehemu yoyote ya shughuli iko nje na mvua inaweza kunyesha, 2 kwa jenereta na mafuta yake, 2 kwa sahani 10 za watakaozidi siku yenyewe, na 2 bila jina, kwa lile ambalo hakuna aliyeliwaza. Kila kazi uipe na siku ya kuamua. Hema ulishikilie kwa malipo madogo ya awali, na siku tatu kabla uangalie utabiri wa hali ya hewa na kuamua kama litasimama. Jenereta lijaribiwe siku moja kabla likiwa na mzigo, yaani spika na taa zimewashwa zote pamoja; jenereta linalonguruma vizuri likiwa tupu linaweza kuzima muziki unapoanza. Baba akiona orodha hiyo, swali linabadilika. Badala ya "kwa nini unazuia fedha", linakuwa "tutoe hema au tutoe jenereta?" Anaweza kuamua hema halihitajiki, na huenda akawa na hoja. Lakini ataamua akijua anachokitoa.

Wageni wa ziada ni kitu kingine. Kuwaongeza ni kuikuza shughuli yenyewe kwa hiari, na ukuaji wa hiari huwa unatafutiwa chanzo chake cha fedha. Ukiulipia kwa akiba, shughuli inakuwa kubwa zaidi na kinga yake inakuwa ndogo zaidi kwa wakati mmoja. Naelewa si rahisi kumwambia mzazi hivyo kwa maneno hayo.

Njia zilizo mbele yako naziona tatu, na hakuna isiyo na mwiba.

Unaweza kubaki kwenye 300 na kumwomba baba apange majina ndani yake: ndugu 15 waingie, na kwa kila mwenzake wa kazini anayetaka aingie, atafute jina la upande wake la kutoa. Bajeti inabaki salama. Mwiba wake ni kwamba anayetolewa huwa ana ndugu atakayeuliza, na lawama itakuja kwako, si kwa baba. Hakikisha anayetoa jina ni yuleyule aliyeliingiza.

Unaweza kuwakubali wote 60 kwa sharti la fedha kuingia kwanza: 12 ziwe mkononi kabla kadi zao hazijatoka, si ahadi. Baba amesema atatafuta 2. Huenda wenzake wa kazini, wakijua wamealikwa, wakatoa kilichobaki. Huenda pia wasitoe, na kumwalika mtu huku ukimhesabia mchango wake kunaonja vibaya. Kisha hata fedha zikija zote, ukumbi haurefuki.

Au unaweza kutoa kadi kwa awamu. Awamu ya kwanza ni wale 300 na ndugu 15, na ya pili ni wale 45, kwa kadiri majibu ya "sitaweza" yanavyoingia. Kihesabu ndiyo inayokaa vizuri zaidi, lakini ndiyo inayohitaji nidhamu kubwa ya muda, na anayepata kadi akiwa amechelewa hujua alikuwa wa pili. Tuipige hesabu kurudi nyuma ili uone kama inawezekana. Wiki ya pili kabla, mpishi anapewa idadi ya mwisho. Wiki ya tatu ni ya kuwapigia simu wasiojibu, na hawatakuwa wachache. Kwa hiyo majibu ya awamu ya pili yawe yamefika wiki ya nne, kadi zao ziwe zimetoka wiki ya sita, na majibu ya awamu ya kwanza yawe yameingia kabla ya hapo. Basi kadi za kwanza zitoke wiki ya tisa, na wiki ya tisa ni wiki ijayo. Ukichelewa siku kumi njia hii inafungika yenyewe.

Ndiyo maana katika kazi zako zote, orodha ya majina ndiyo isiyo na hata siku moja ya kupoteza. Mapambo yakichelewa wiki mbili hakuna atakayeona. Orodha ikichelewa, kadi zinachelewa, majibu yanachelewa, mpishi anapewa idadi ya kubuni, na idadi ya kubuni hulipiwa kama ya kweli.

Njia yoyote mtakayoifuata, jiwekee alama ya kuangalia. Kufikia wiki ya nne kabla, angalau 20 katika zile ahadi 45 ziwe zimeingia. Zikiwa 20 au zaidi, mko sawa na mnaweza kuendelea mlivyopanga. Zikiwa chini ya 15, jua wiki ya mwisho itawabana, na ni wakati wa kupunguza kitu kinachoweza bado kupunguzwa, kama saa za mpiga picha au gari la pili, kabla hakijafikia siku ambayo malipo yake hayarudi. Waahidi uwaombe kwa tarehe, si kwa kiasi tu. "Tunamlipa mpishi tarehe fulani, utaweza kabla ya hapo?" huleta jibu unaloweza kuliandika.

Kuhusu baba, nakuuliza tu: je, umewahi kumwonyesha hizi tarehe, au amesikia jumla peke yake? Mtu aliyesikia "tuna 100 na akiba ni 10" ana haki ya kushangaa anapokataliwa. Kaa naye faragha, mdogo wako asiwepo kwanza, na uende na karatasi moja yenye safu tatu: wiki, kinachotoka, kilichopo. Usianze na "haiwezekani". Anza kwa kumwomba msaada: "Baba, wiki ya nne mpishi anataka 24 na mimi nina 23. Tufanyeje?" Mwache aishike kalamu. Kisha mwulize, katika wale 45, ni wepi ambao wasipoiona kadi atashindwa kuwatazama usoni. Inawezekana wakawa 12. Inawezekana wakawa 45 kweli, na hapo utakuwa umejua uzito wa ombi lake, na unaweza kumpelekea mdogo wako jina moja moja badala ya namba.

Kwa mdogo wako nenda na mchoro wa ukumbi, wenye meza 31 zilizochorwa kwa vipimo. Mwambie hizo ndizo zote, na kwamba meza ya 32 haitaingia, nani ameomba si hoja. Inawezekana hofu yake si watu 60 bali ni kuona siku yake inaamuliwa bila yeye, na mchoro utampa mahali pa kuweka kidole na kusema "hawa wakae hapa".

Lakini kabla ya hao wote wawili, mkataba wa mpishi. Usome leo jioni.